Barua Niliyoiandika Mara Mbili

Barua ya kwanza niliyowaandikia washarika wangu kuhusu kupanda kwa bei ilisomwa ibadani Jumapili moja, na watu wakaipokea vizuri. Waliitikia Amina kwa sauti, na mlangoni wengi walinishika mkono wakanishukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani moyoni, nikiamini nimesema nao juu ya jambo linalowaumiza.

Alhamisi yake mama mmoja mjane alinijia ofisini na nakala ya barua hiyo mkononi, imekunjwa mara nne. Alisalimia, akaketi, akaikunjua juu ya meza. "Mchungaji," akasema, "nimeisoma mara tatu. Nimetafuta mahali panaponiambia nifanye nini kesho asubuhi, sijapaona." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa amenijia kwa sababu alidhani labda kuna ukurasa mwingine ambao yeye hakuupata.

Niliisoma tena mbele yake. Ilikuwa na aya sita. Nne ziliwahimiza watu wasijisumbue, moja ilisema nyakati ngumu hupita, na ya mwisho ilikuwa baraka. Hapakuwa na shemasi wa kumwendea, wala siku, wala saa, wala kitu chochote ambacho kanisa lilikuwa tayari kukitoa. Yakobo katika waraka wake anamzungumzia mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende zake kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Sura hiyo nimeihubiri miaka mingi. Siku ile niliona kwamba nimeiandika upya kwa mkono wangu, kwenye karatasi yenye nembo ya kanisa.

Nilimwomba msamaha, kisha nikamwomba anieleze mwezi wake unavyokwenda. Tulihesabu pamoja kwa kalamu. Kiasi chake cha fedha ni siri yake, kwa hiyo hapa tuchukulie kwamba mapato yake ya mwezi ni sehemu 100. Kabla bei hazijapanda, chakula kilichukua sehemu 60, kodi ya nyumba 25, na 15 zilizobaki zilikuwa za nauli, dawa na mahitaji ya shule. Chakula kilipopanda kwa theluthi moja, zile 60 zikawa 80. Ongeza kodi 25, unafika 105 kabla mtoto hajapata nauli ya siku ya kwanza.

Usiku ule nilirudia hesabu hiyo hiyo kwa nyumba yangu. Kwetu chakula kilikuwa kinachukua kama sehemu 21, na kwa ongezeko lile lile kikafika 28. Tulikuwa tumeubana mkanda kidogo, basi. Mjerumani mmoja mtaalamu wa takwimu, Ernst Engel, alilionyesha jambo hili mwaka 1857 alipochunguza matumizi ya familia: kadiri mapato yanavyokuwa madogo, ndivyo fungu la chakula linavyozidi kuwa kubwa. Kwa hiyo bei moja inapopanda sokoni, haiingii katika kila nyumba kwa uzito mmoja. Mimi niliiandika barua yangu nikiwa katika nyumba ya sehemu 21, nikiwaandikia watu wa sehemu 60, na maneno yangu yote ya kutuliza yalitoka kwenye ile tofauti.

Kuna jambo jingine alilolisema mama yule alipokuwa akijiandaa kuondoka, na ndilo lililoninyima usingizi. Ana shinikizo la damu, na daktari alimwagiza ameze kidonge kila siku. Kwa miezi miwili alikuwa akimeza siku moja na kuacha siku moja, ili paketi imfikishe mbali zaidi. Hakuna aliyejua. Alikuwa akiimba kwaya kila Jumapili.

Nilianza kuwatazama watu ibadani kwa jicho jingine. Wako waliokuwa wakitoka kabla ya sadaka, kila mara wakati ule ule. Wako waliohama kutoka viti vya katikati wakakaa nyuma karibu na mlango. Familia moja iliwatuma watoto peke yao. Mzee mmoja aliacha kuja kwenye jumuiya ya nyumba kwa nyumba kwa sababu zamu yake ya kuwapokea wenzake ilikuwa imekaribia, naye hakuwa na cha kuwawekea mezani. Nilikuwa nimehesabu haya yote kuwa kupoa kwa imani. Yalikuwa aibu ya kukosa, na aibu hiyo sisi wenyewe tulikuwa tukiilisha kwa kikapu kinachopita mkono kwa mkono mbele ya macho ya jirani, na kwa michango mitatu iliyokuwa ikitangazwa mfululizo.

Sikuandika barua ya pili mara moja. Niliwaita kwanza mashemasi na mweka hazina, tukakaa jioni mbili. Swali nililowawekea nililichukua kwa Elisha, katika kile kisa cha mjane aliyekuwa akidaiwa hata mdai akataka kuwachukua wanawe wawili. Kabla ya kufanya lolote, Elisha alimuuliza ana kitu gani nyumbani. Nasi tukajiuliza tuna nini, kwa maana ya kitu ambacho mtu akija kesho atakikuta.

Tulikuwa na mfuko wa huruma wenye fedha kidogo ambazo kwa mwaka mzima hazikuwa zimeombwa na mtu, kwa sababu watu wengi hawakujua kama zipo. Tulikuwa na mchango wa kupaka jengo rangi ambao ungeweza kusubiri. Tulikuwa na stoo tupu nyuma ya ukumbi. Tulikuwa na mshiriki mmoja aliyestaafu kazi ya uhasibu, na mwingine ambaye ni muuguzi. Hivyo tu. Lakini kilichotuchukua muda mrefu kuliko kuhesabu ni kukubaliana nani atajua. Mwishowe tuliamua kwamba ombi litapokelewa na mashemasi wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na mwenye kuomba atachagua amwendee yupi. Mimi mchungaji sitaamua nani apewe. Wengine waliona nimejivua wajibu, lakini nilijua kuna watu ambao wangevumilia njaa kuliko kusimama mbele ya mhubiri wao Jumapili inayofuata huku wakijua kwamba yeye anajua.

Ndipo nikaandika. Hii hapa sehemu kubwa ya barua yenyewe:

"Ndugu zangu, najua kwamba wengi wenu mnafanya kazi kama zamani, au zaidi, na bado mwezi hauishi salama. Hamjakosea hesabu na hamjawa wazembe. Bei zimepanda kuliko mapato.

"Kuanzia wiki hii mashemasi wawili watakuwa katika chumba cha nyuma Jumanne na Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni, na namba zao za simu ziko chini ya ukurasa huu. Unaweza kumwendea yeyote kati yao. Wao wawili tu ndio watakaojua jina lako. Utajibiwa ndani ya siku tatu, hata kama jibu ni kwamba hatuna.

"Tunachoweza kusaidia ni kodi ya mwezi mmoja, dawa alizoandika daktari, na chakula cha wiki mbili. Kwa nyumba moja tunaweza kufanya hivyo mara moja katika kila miezi mitatu. Hatuwezi kulipa madeni yote ya mtu, lakini tuna ndugu mhasibu atakayekaa nawe na kuyapanga.

"Kama umeanza kupunguza dawa, kuruka siku au kugawana vidonge na mwenzako, tafadhali usingoje Jumanne. Piga simu leo.

"Kikapu cha sadaka hakitapita tena kwenye viti. Kitakaa mlangoni. Mchango wa rangi ya jengo umesimamishwa. Kwenye jumuiya za nyumbani tusiandae kitu chochote, maji yanatosha, na mwenye zamu asiombe radhi. Njoo hata kama huna kitu mkononi. Tunakuhitaji wewe.

"Na wewe ambaye mwezi huu umebakiwa na kitu, mfuko wa huruma uko wazi, na hakuna atakayeitangaza sadaka yako."

Maandiko hayamo humo, na hilo liliwasumbua baadhi ya wazee wetu. Niliwajibu kwamba barua hii itasomwa katikati ya ibada, baada ya somo na kabla ya maombi. Neno litakuwa limeizunguka pande zote mbili.

Wiki ya kwanza walikuja watu wawili. Wiki ya pili hakuja mtu. Nilidhani tumeshindwa, mpaka shemasi wetu wa kike aliponieleza kwamba watu walikuwa wakingoja kuona kama majina ya wale wawili wa kwanza yatavuja. Hayakuvuja. Wiki ya tatu walikuja kumi na mmoja, na mfuko ukaisha.

Hilo hatukuwa tumejiandaa nalo. Tulikuwa tumeweka kikomo kwa kila nyumba, lakini hatukuwa tumegawa mfuko wenyewe kwa miezi. Watu watatu waliambiwa hatuna, na mmoja wao alikuwa na mgonjwa nyumbani. Tangu hapo mweka hazina huanza mwezi kwa kutenga robo ya mfuko iwe fungu la dawa na mambo ya ghafla, lisiguswe kwa kitu kingine, na kilichobaki hukigawa kwa wiki nne. Wiki ikiisha kabla ya fungu lake, salio linasogea mbele. Fungu likiisha kabla ya wiki, shemasi husema wazi, "Njoo Jumanne ijayo, wewe ndiwe wa kwanza." Nimeona kwamba mtu huweza kulibeba neno hilo. Asichoweza kukibeba ni kuzungushwa.

Kosa jingine lilihusu kodi. Tulikuwa tumeamua kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, tukiona ndiyo njia salama ya fedha za kanisa. Baada ya malipo mawili, mwenye nyumba mmoja alianza kuwaambia wapangaji wengine kwamba fulani analipiwa na kanisa. Baba wa nyumba ile alihama mtaa. Sikumlaumu. Sasa fedha anapewa mshiriki mwenyewe, anakwenda kulipa kama anavyolipa siku zote, na stakabadhi anamletea shemasi. Mpaka leo hakuna aliyeshindwa kuileta.

Stoo nayo ilitufundisha. Nyumba kumi na mbili ziliungana kununua nafaka na mafuta kwa jumla, kila mwezi mara moja. Faida ilikuwepo, kwa sababu anayenunua kidogo kidogo kila siku hulipa bei ya juu kuliko wote, na ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Lakini mwezi wa kwanza tulinunua kabla ya fedha zote kuingia, tukiwaamini waliosema watalipa Ijumaa. Wawili hawakuweza, kanisa likabaki na deni na wale wawili wakaacha kuja. Kwa hiyo tukaweka utaratibu kwamba hununuliwi usicholipia, na asiyeweza fungu zima aungane na mwenzake wagawane nusu kwa nusu. Mzani uko mezani, kila mtu anaona cha kwake kinavyopimwa. Hatununui kitu kinachooza, wala kitu cha zaidi ya mwezi mmoja. Kuna wanaosema tununue kingi kabla bei haijapanda tena. Nawaelewa, lakini stoo yetu ina unyevu, na nafaka ikiingia ukungu inabidi itupwe, maana kuichekecha na kuipepeta hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani yake.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni madeni, na hapo naomba nikae kidogo.

Fundi mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa amekopa kwa mtu binafsi kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Tuseme alikopa 100. Kila mwezi alipeleka 10, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu hakukosa hata mwezi mmoja. Baada ya miezi saba alikuwa amelipa 70, na alikuwa bado anadaiwa 100 ile ile. Hakuwa ameliona hilo. Moyoni mwake alijua amebakiza 30. Kisha, mwezi wa sita na wa saba, ile 10 alikuwa ameipata kwa kukopa kwenye simu, na mikopo ya simu nayo ilikuwa na ada zake na tarehe zake. Mhasibu wetu aliandika madeni yote kwenye karatasi moja, yalikuwa manne, na kando ya kila deni akaandika linaongezeka kiasi gani kila mwezi. Fundi aliitazama karatasi ile, akalia. Alisema ni mara ya kwanza kuyaona yote mahali pamoja.

Walivyopanga ni hivi. Kodi na dawa zinatangulia, kwa sababu ukikosa hivyo unapoteza makao au afya. Baada ya hapo kinacholipwa kwa nguvu ni deni linalokua haraka kuliko mengine, hata kama si kubwa kuliko mengine, na hayo mengine yapelekewe kiasi kidogo kilichoahidiwa. Hakopi tena ili kulipa. Na anawaendea wanaomdai kabla ya tarehe, akiwa na karatasi mkononi na kiasi anachoweza kweli. Mdai akitembelewa kabla ya siku huwa mtu mwingine kabisa kuliko yule anayelazimika kukutafuta.

Sasa, yule mkopeshaji wa asilimia 10 alikuwa mshiriki wetu. Anakaa viti vya mbele na ni mtoaji mzuri. Nilikwenda kwake jioni moja, na kwa idhini ya fundi nikaenda na Nehemia sura ya 5. Humo watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wadaiwa wavumilie. Aliwaita wakopeshaji, akawataka warudishe mali na waiache riba. Tuliisoma pamoja polepole. Ndugu yangu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba naye anapandishiwa bei kama wengine, na kwamba fedha zile ndizo ada za mwanawe. Lilikuwa neno la kweli, na sikuwa na jibu la haraka. Niliondoka bila kupata kitu.

Baada ya siku tisa alimpigia fundi. Alikubali kuisimamisha riba, na ile 100 ilipwe kwa mafungu kumi ya 10. Fundi anapeleka kiasi kile kile alichokuwa akipeleka, ila sasa kila kinachokwenda kinapunguza deni. Wa pili kati ya wadai wale wanne alikubali nusu ya tulichoomba. Wa tatu alikataa kabisa. Mikopo ya simu ililipwa kwanza, ikafungwa. Kanisa halikutoa hata senti moja kwenye madeni yale.

Watu huniuliza, katika haya yote, matumaini nayasemaje. Zamani nilikuwa nasema bei zitashuka. Siku hizi sisemi, kwa sababu nimejifunza kwamba mfumuko wa bei unapotangazwa kupungua, kwa kawaida maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zinarudi zilikokuwa. Mtu niliyemwahidi kushuka, akaenda dukani akakuta bei ile ile ya juu, hataamini na mengine ninayomwambia. Ninachosema sasa ni kile ninachokijua. Jumanne saa kumi na moja mlango uko wazi. Mama wa vidonge ana dawa za mwezi mzima kabatini, na muuguzi wetu humpima kila wiki mbili. Fundi amebakiza mafungu manne. Mzee aliyekimbia zamu yake ya jumuiya alitupokea mwezi uliopita kwa mitungi miwili ya maji na vikombe vya kuazima, akaomba yeye maombi ya kufunga, akaomba kwa muda mrefu sana.

Barua ya tatu inatoka mwezi ujao, kwa sababu fungu la dawa limepungua na watu wana haki ya kujua. Kabla ya kuipeleka kwa wazee niliipeleka kwa yule mama mjane, kama ninavyofanya siku hizi. Alivaa miwani yake, akaisoma yote kwa kidole. Aya ya pili nilikuwa nimeandika kwamba nayaelewa mapito yenu. Aliikata kwa mstari mmoja, akageuza karatasi, akauliza kwa nini namba ya shemasi wa kike imeandikwa kwa herufi ndogo hivi.